Sura ya Tano: Watoto Wangapi, Kufikia Lini

"Mradi huu utaokoa maisha ya watoto na kuboresha afya ya jamii katika bonde la Kilombero."

Ukisoma maandiko ya miradi yanayopelekwa kwa wafadhili, sentensi ya aina hii utaikuta katika ukurasa wa kwanza, mara nyingi kwa herufi nzito. Aliyeiandika anamaanisha anachosema. Kasoro yake ni kwamba hakuna siku ambayo mtu anaweza kusimama mbele yake na kusema imetimia au haikutimia. Watoto wangapi? Wa umri gani? Wangekufa kwa nini, na sisi tutajuaje kwamba hawakufa kwa sababu yetu? Mfadhili makini akikosa mahali pa kushika huliweka andiko pembeni. Asiye makini hutoa fedha, na miaka miwili baadaye kila mtu anahangaika kutafuta ushahidi wa jambo ambalo halikuwahi kuelezwa.

Bonde la Kilombero ni mahali pazuri pa kujifunza namna ya kuiandika upya sentensi hiyo, kwa sababu huko kuna mradi uliodai kwamba utaokoa maisha ya watoto, kisha ukaonyesha ulivyoyaokoa. Uliitwa KINET, na ulikuwa mradi wa vyandarua katika wilaya za Kilombero na Ulanga, mkoani Morogoro. Uliendeshwa kutoka Ifakara na kituo cha utafiti ambacho leo kinaitwa Taasisi ya Afya Ifakara, na ambacho mizizi yake ni maabara ndogo iliyoanzishwa na Mswisi Rudolf Geigy katika miaka ya 1950. Vyandarua na dawa ya kuvichovya viliuzwa kwa jina la Zuia Mbu kupitia maduka na mawakala wa vijijini, kwa bei iliyopunguzwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2001 na hadi leo yanatajwa kila panapozungumzwa vyandarua barani Afrika.

Ninachotaka tukitazame ni mpangilio wake, zaidi ya sifa zake. Kabla chandarua hata kimoja hakijauzwa, mwaka 1996 timu ilipita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25 na kuandika kila mtu anayeishi humo. Baada ya hapo wadadisi walirudi katika kila kaya kila baada ya miezi minne kuuliza nani kazaliwa, nani kafariki, nani kahama, nani kahamia. Mauzo yalianza Mei 1997, yakapanuliwa hatua kwa hatua, na kufikia 1999 wilaya zote mbili zilikuwa zimefikiwa. Kwa hiyo siku walipotaka kusema lolote kuhusu vifo vya watoto, walikuwa na daftari la vifo vyote na watoto wote, si kumbukumbu za wodini peke yake.

Hesabu hiyo ya nyumba kwa nyumba ndiyo maandiko mengi huiruka, yakaweka badala yake takwimu za zahanati. Ni kishawishi kinachoeleweka: vitabu vya MTUHA vipo, vinajazwa kila siku, na havina gharama kwa mradi. Lakini kitabu cha zahanati kinahesabu waliofika zahanati. Mtoto aliyepata degedege usiku, wazazi wakampeleka kwanza kwa mganga, akafia njiani, hayumo. Zaidi ya hapo, mradi unaofanya kazi vizuri unaweza kuzifanya takwimu za zahanati zionekane mbaya. Ukiwaelimisha wazazi wawahi kuleta watoto wenye homa, na wakakusikiliza, idadi ya wagonjwa wa malaria waliorekodiwa itapanda. Ukiwa umeahidi kwamba "wagonjwa wa malaria katika zahanati watapungua kwa asilimia 30", umejiwekea mtego: kufanikiwa kwa nusu moja ya mradi kunaonekana kama kushindwa kwa nusu nyingine.

Sasa tazama kilichoonekana watafiti walipopima watoto wa chini ya miaka miwili katika vijiji 18, mwaka 1997 hadi 1999. Umiliki wa vyandarua, vyenye dawa na visivyo na dawa, ulikuwa asilimia 58 mwanzoni na ukafika asilimia 83. Vyandarua vyenye dawa vilikuwa asilimia 10 vikafika asilimia 61.

Andiko ambalo lingeahidi "kuongeza upatikanaji wa vyandarua" lingeanza safari likiwa limeshavuka nusu ya njia bila kujua, maana zaidi ya nusu walikuwa na chandarua tayari. Kilichokosekana ni dawa. Na hata mwishoni, kati ya 83 na 61 kulikuwa na kundi kubwa lenye chandarua kisicho na dawa, jambo ambalo neno "upatikanaji" lingelifunika kabisa. Kiashiria kizuri hutenganisha kile ambacho tayari kipo na kile ambacho mradi unakileta, na huwezi kujua mpaka uko wapi bila kupima kabla ya kuanza. Ndiyo maana andiko linaloahidi asilimia fulani bila kutaja hali ya awali hata mimi hunipa shaka, hata kama asilimia yenyewe ni ya wastani.

Baada ya vyandarua wakapima damu. Wastani wa himoglobini ya watoto hao ulipanda kutoka gramu 8 hadi gramu 8.9 kwa desilita. Waliokuwa na upungufu wa damu walishuka kutoka asilimia 49 hadi asilimia 26. Hapa lazima tusimame kidogo, kwa sababu "upungufu wa damu" katika utafiti huu ulimaanisha himoglobini chini ya gramu 8. Shirika la Afya Duniani, kwa watoto wadogo, kwa muda mrefu liliweka mpaka kwenye gramu 11. Ikiwa wastani wa watoto wote ulikuwa gramu 8, basi kwa kipimo cha gramu 11 wengi wao wangehesabiwa kuwa na upungufu mwanzoni, na wengi wangebaki hivyo mwishoni, ingawa kweli walikuwa na nafuu kubwa. Mradi ule ule, tone lile lile la damu, na taarifa mbili zinazopingana. Kwa hiyo andiko linaposema litapunguza upungufu wa damu bila kutaja gramu ngapi, halijasema kitu. Mpaka huo huandikwa kabla ya kupima, kwa sababu ukiuchagua ukiwa na majibu mkononi utachagua ule unaokupendeza, hata bila kukusudia.

Kwa nini damu, na si homa? Mtoto anayeumwa na mbu wenye vimelea mara kwa mara hupoteza damu polepole, hata siku ambazo hana joto. Homa ya leo inaweza kuwa ya kifua au ya tumbo, na kesho imekwisha. Kiwango cha damu hubeba historia ya wiki nyingi, hupimwa kwa tone moja la kidoleni, na kinabadilika ndani ya msimu mmoja. Kwa mradi wa miaka miwili hiki ni kiashiria chenye thamani kubwa, kwa sababu kipo karibu na uhai wa mtoto kuliko idadi ya vyandarua vilivyogawiwa, na kipo karibu na uwezo wetu wa kupima kuliko kifo.

Kifo ndicho kinachowaponza wengi. Utafiti wa KINET uliochapishwa mwaka 2001 ulikuta kwamba vyandarua vyenye dawa viliendana na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kuishi kwa watoto wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka minne. Namba hiyo imenakiliwa katika maandiko yasiyo na idadi. Kinachoachwa nyuma ni ukingo wa makisio uliochapishwa nayo: athari halisi ingeweza kuwa ndogo kama asilimia 3 au kubwa kama asilimia 45. Hayo ni matokeo ya mradi uliokuwa na wadadisi wanaozunguka vijiji 25 miaka kadhaa, wenye makumi ya maelfu ya watu daftarini. Kama wao walibaki na ukingo mpana hivyo, chama cha kijiji chenye miezi 24 kitaahidi nini?

Tufanye hesabu. Tuseme chama chetu kinahudumia vijiji vitano vyenye watoto 1,000 wa chini ya miaka mitano, na tuseme kwa kawaida hufariki 30 kati yao kwa mwaka. Vyandarua vikipunguza vifo kwa moja ya tano, tutegemee vifo 24. Tofauti ni vifo sita. Lakini vifo 30 kwa mwaka ni wastani tu. Kwa bahati peke yake, bila mradi wowote, mwaka mmoja watafariki 20 na mwingine 40: surua ikipita, mafuriko yakikata barabara, au pasipo sababu yoyote inayoonekana. Vifo 24 vinakaa ndani kabisa ya mtikisiko huo. Mradi unaweza kuwa umeokoa watoto sita kweli na mwaka huo huo vifo vikawa 33. Au usiwe umeokoa yeyote na vifo vikawa 22, kisha chama kikapongezwa kwa kazi ambayo hakikuifanya. Ahadi ya kupunguza vifo kwa watoto 1,000 haipimiki, hata ikiandikwa na asilimia na tarehe. Kuweka namba peke yake hakuifanyi ahadi kuwa ya kweli, na hili ni kosa la waandishi waliokwisha kuacha maneno ya jumla na kudhani kazi imeisha.

Njia ya uaminifu ni kuazima ushahidi wa walioweza kuupata. Andiko litasema: utafiti uliofanyika katika bonde hili hili ulionyesha kwamba watoto wanaolala ndani ya vyandarua vyenye dawa huishi zaidi, sisi hatutapima vifo, tutapima kama watoto wetu wanalala ndani ya vyandarua hivyo, na kama vimelea katika damu yao vimepungua. Daraja kati ya tunachopima na uhai wa mtoto limejengwa na wengine, na tunawataja.

Lakini namba za 1997 zisinakiliwe kama malengo ya leo. Malaria imepungua tangu wakati huo. Vyandarua vya kuchovya nyumbani vimebadilishwa na vile vinavyodumu na dawa yake kwa miaka. Mbu wa bonde wamejenga usugu dhidi ya viuatilifu vilivyotumika zaidi. Dawa ya malaria nayo imebadilika mara mbili: Tanzania iliacha klorokwini mwaka 2001, kisha mwaka 2006 ikaanza kuacha SP na kuingia kwenye dawa mseto. Mradi wowote ambao muda wake ulipita juu ya mojawapo ya mabadiliko hayo ungeweza kujisifu kwa kazi iliyofanywa na dawa mpya. Kwa hiyo andiko liseme mapema ni nini kingine kitakuwa kinatokea wilayani katika kipindi hicho, hasa ugawaji wa vyandarua wa serikali, na litumie neno "kuchangia" pale ambapo haliwezi kuthibitisha "kusababisha".

Twende basi kwenye andiko lenyewe. Chama chetu cha kufikirika kimeona jambo ambalo kila mkazi wa Kilombero analijua: mvua za kwanza zikinyesha, familia nyingi huhamia mashambani kwenye mpunga, wakaishi katika vibanda huko hadi mavuno, mbali na kijiji na zahanati. Chandarua kimoja cha kaya hubaki kijijini, au huenda shamba na kuwaacha wazi waliobaki. Kibanda hakina kuta za kutosha, na shamba la mpunga lina maji yaliyosimama. Pengo liko hapo, na chama kinataka kulipunguza kwa kutoa chandarua cha pili cha shamba kwa kila familia yenye mtoto mdogo.

Andiko la kwanza la chama lingesema, kama tulivyoanza: kuokoa maisha, kuboresha afya. Andiko la pili, baada ya kupitia hesabu zilizotangulia, litasema hivi: "Kati ya watoto wa chini ya miaka mitano wanaoishi mashambani msimu wa mpunga katika vijiji vyetu vitano, wanaolala ndani ya chandarua chenye dawa wataongezeka kwa angalau pointi 25 za asilimia kutoka kiwango tutakachopima Februari na Machi ya msimu wa kwanza, hadi Februari na Machi ya msimu wa pili. Mtoto atahesabiwa kama alilala ndani ya chandarua usiku uliotangulia, na mdadisi akakiona chandarua kimetundikwa kibandani."

Kila kipande kina sababu. "Usiku uliotangulia", kwa sababu ukimuuliza mama kama mwanawe hulala ndani ya chandarua kwa kawaida, atakujibu ndiyo. Hiyo ni heshima kwa mgeni, si takwimu. "Akakiona kimetundikwa", kwa sababu chandarua kilichokunjwa kwenye mfuko hakizuii mbu. "Februari na Machi" zote mbili, kwa sababu ukipima mara ya kwanza katikati ya mvua na mara ya pili Septemba wakati wa kiangazi, karibu kila kitu kitaonekana kimepungua na mradi hautakuwa umefanya lolote.

Na kwa nini pointi 25? Ukichagua watoto 200 bila upendeleo, asilimia utakayopata inaweza kupotoka kama pointi saba juu au chini. Watoto wa kijiji kimoja hufanana, wanauziwa na duka moja na kufundishwa na mhudumu mmoja, kwa hiyo upotofu halisi ni mkubwa zaidi, tuseme pointi 10. Ahadi ya kuongeza pointi tano isingeonekana katika ukungu huo. Ahadi ya pointi 25 itaonekana ikitimia, na isipotimia hilo nalo litaonekana. Kama chama kinaamini kwamba kinaweza kuleta pointi 10 tu, kina njia mbili: kupima watoto wengi zaidi na kuweka gharama hiyo kwenye bajeti, au kukiri kwamba mabadiliko hayo ni madogo kuliko uwezo wake wa kuyaona.

Kipimo cha pili ni vimelea, kwa kipimo cha haraka cha malaria, kwa watoto hao hao na katika miezi hiyo hiyo. Hapo chama kisiahidi kiwango. Kiseme kitapima na kutoa taarifa, maana usugu wa mbu na ukubwa wa mvua za mwaka huo haviko mikononi mwake. Mtoto atakayekutwa na vimelea lazima apewe dawa mseto papo hapo, na dawa hizo ziwe kwenye bajeti. Kuchoma watoto vidole kunahitaji pia kibali cha maadili ya utafiti, na kibali huhesabiwa kwa miezi.

Hapo ndipo kalenda inapoanza kuuma. Waandishi wengi huchora jedwali la miezi kuanzia "mwezi wa 1" bila kujiuliza mwezi huo ni upi. Tuseme fedha zinaingia Januari. Kibali hakijatoka, wadadisi hawajapatikana, Februari na Machi zinapita. Kipimo cha awali kinasubiri Februari ya mwaka unaofuata, mwezi wa 14. Vyandarua vinagawiwa kabla ya familia kuhama tena, Oktoba na Novemba, na kipimo cha mwisho kinaangukia mwezi wa 26, wakati mradi umeshafungwa. Jedwali lilionekana zuri, lakini mpunga haukuwa na habari nalo.

Fedha zile zile zikiingia Agosti, vibali na mafunzo vinachukua miezi hadi Januari. Kipimo cha awali kinafanyika mwezi wa 7 na wa 8. Msimu wa kiangazi unatumika kuandikisha familia kijijini na kuzungumza nazo. Vyandarua vinagawiwa Oktoba na Novemba, kabla ya kuhama. Kipimo cha pili kinaangukia mwezi wa 19 na wa 20, na inabaki miezi minne ya kuchambua, kurudisha majibu kwa vijiji na kuandika ripoti. Mradi wa miezi 24 unatosha, kwa shida, kwa kulinganisha msimu mmoja na mwingine. Wa miezi 12 hautoshi hata uandikweje, na mfadhili anayetoa miezi 12 aambiwe kwamba atapata hesabu ya vyandarua vilivyogawiwa, si ya watoto waliolala ndani yake. Kukumbusha kwamba KINET ilihesabu watu 1996 na matokeo ya vifo yakachapishwa 2001 husaidia sana katika mazungumzo hayo.

Kuna ugumu mmoja ambao siuoni ukiandikwa, nao ni kwamba miezi ya kupima ni miezi ambayo huwezi kufika. Daraja la Mto Kilombero lililofunguliwa mwaka 2018 limemaliza kusubiri kivuko, lakini halifiki vibandani. Pikipiki itaishia kwenye tope, iliyobaki ni mtumbwi na miguu. Andiko linaloweka siku tatu kwa kila kijiji litaishia kupima vibanda vya kando ya barabara, ambako ndiko elimu na vyandarua vilifika kwanza, na majibu yatakuwa mazuri kuliko hali ilivyo. Dawa yake ni kuandikisha familia zikiwa bado kijijini, kuchora orodha ya vibanda vyote, kuchagua 200 kwa kura kutoka kwenye orodha hiyo, na kuajiri wadadisi miongoni mwa wakulima ambao tayari wanaishi huko msimu mzima. Vibanda visivyofikika vihesabiwe na kutajwa kwenye ripoti. Vikizidi kimoja kati ya vitano, matokeo yasiwasilishwe kama picha ya eneo zima la mradi.

Mwisho wa jedwali, andiko liweke mahali pa kugeukia. Desemba, wiki chache baada ya familia kuhama, wadadisi wapite vibanda 50 vilivyochaguliwa kwa kura na kutazama jambo moja: chandarua kimetundikwa au la. Chini ya nusu, chama hakisubiri Februari. Kinauliza kwanza kama vyandarua vimebaki kijijini, vimeuzwa, au kibanda hakina mahali pa kufunga kamba, na fedha zilizotengwa kwa mikutano ya Januari zinahamishiwa kwenye jibu litakalopatikana, hata kama ni nguzo nne na kamba kwa kila kibanda. Mfadhili aombwe kuridhia uhamisho huo siku ya kusaini mkataba, kwa sababu barua ya kuomba ruhusa ikiandikwa Desemba, majibu yake yatafika mpunga umeshavunwa.